Inakatika Ukiwa Nayo, Inalia Ikiwa kwa Fundi

Hedifoni iliyokufa kabisa upande mmoja haina haja ya maelezo marefu. Hata ukimfikishia fundi bila kusema neno, ataichomeka kwenye simu yake, atasikia upande mmoja uko kimya, na ataanza kazi. Taabu iko kwa ile inayokatika na kurudi. Unatoka nayo nyumbani ikiwa inasumbua, unaifikisha kwenye kibanda kando ya barabara ya Oginga Odinga au kule Kondele, fundi anaweka wimbo, na pande zote mbili zinalia kama mpya. "Omera, mbona iko sawa?" Unaondoka ukiwa umenyamaza, na kabla hujafika Nyalenda imekatika tena.

Fundi hakukosea. Hedifoni ikiwa mezani haikai jinsi inavyokaa kichwani. Upinde wake haujapanuliwa, vikombe vya masikio havijageuka kufuata umbo la uso, waya haujavutwa na simu iliyo mfukoni. Uzi wa shaba uliokatika ndani ya plastiki unaweza kugusana ncha kwa ncha ukiwa umetulia, ukapitisha sauti safi kabisa, mpaka kitu kiusogeze. Ndiyo maana ujumbe unaomfaa fundi ni ule unaomwonyesha jinsi ya kuifanya hedifoni ikatike mbele yake. Ukimpa hilo moja, amepata zaidi ya nusu ya kazi.

Kwa walio mbali na mjini jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu hedifoni husafiri peke yake. Mtu wa Mbita anayemtegemea fundi wa Kisumu hufunga mzigo, akaupandisha feri hadi Luanda Kotieno na kuendelea kwa matatu, au akaupitisha barabarani kwa Homa Bay na Kendu Bay. Yeye mwenyewe habandui mguu Mbita. Ujumbe alioutuma ndio utakaosimama mbele ya meza kwa niaba yake, na ukiwa mtupu, mzigo utarudi ulivyokwenda.

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa huko Mbita anayelipwa kunakili mahojiano ya Kidholuo kutoka kwenye rekodi. Hedifoni yake ni ile ya kufunika masikio, yenye waya mmoja unaoingia kikombe cha kushoto, pini ya milimita 3.5, na kisanduku kidogo cha kipaza sauti na kitufe katikati ya waya. Imeanza kukatika. Ujumbe wa kwanza ambao wengi wetu tungeuandika ni huu:

"Fundi habari. Hedifoni yangu inasumbua, upande mmoja unakatika. Nadhani ni pini. Nitaituma kesho na matatu, niambie ni pesa ngapi."

Upande upi, hajasema. Unakatika lini, hajasema. Lakini sentensi inayoharibu kazi kuliko zote ni ile ya "nadhani ni pini". Pini, na hasa pale waya unapotokea kwenye pini, ni mahali panapovunjika mara nyingi sana, kwa hiyo fundi naye anapadhania. Ukimwambia pini, atakata pini, atachomelea nyingine, ataweka wimbo, utalia, atakurudishia. Amefanya ulichomwomba. Ikiwa ufa ulikuwa kwingine, umelipia pini uliyokuwa nayo tayari. Mweleze unachokiona na kukisikia, kisha umwachie yeye kukipa jina.

Kabla ya kuandika, kaa na hedifoni yako kitako. Kwanza ondoa shaka juu ya simu. Chomeka hedifoni hiyo kwenye simu nyingine, kisha uchomeke hedifoni nyingine kwenye simu yako. Ikikatika kwenye simu zote mbili na ile ya kuazima isikatike kwako, kosa limo ndani ya hedifoni. Ikiwa hata ya kuazima inakatika kwenye simu yako, usitume hedifoni popote. Tundu la simu ndilo lenye kasoro, na mara nyingi ni vumbi na manyoya ya mfuko yaliyosukumwa ndani na kushikamana kwenye sakafu ya tundu. Dalili yake ni pini isiyoingia hadi mwisho, au inayotoka kwa urahisi kuliko zamani. Waendesha boda boda, ambao simu zao hushinda kwenye mfuko wa jaketi barabarani, wanaijua shida hii vizuri.

Hapa pana mtego unaowanasa watu wa ufuo wetu. Wengi tunajaribu hedifoni kwa kufungulia redio ya simu, Ramogi FM au Nam Lolwe, kwa sababu haina gharama ya bando. Lakini redio ya FM ndani ya simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ukiukunja au kuusogeza waya, mawimbi yenyewe hubadilika, na sauti hukwaruza au hupotea hata kama waya ni mzima kabisa. Mtu aliye Usenge au Rusinga, ambako kituo cha mjini hushikwa kwa shida, anaweza kuapa kwamba hedifoni yake imevunjika wakati kinachotikisika ni mawimbi. Jaribu kwa wimbo au rekodi iliyohifadhiwa ndani ya simu. Rekodi ya mtu mmoja akizungumza inafaa kuliko muziki, kwa sababu kwa kawaida sauti yake huwa sawa masikio yote mawili na utajua mara moja upande mmoja ukianguka. Baadhi ya nyimbo hupeleka gitaa kulia na ngoma kushoto, nawe ukafikiri umesikia kasoro. Kwenye simu nyingi upo pia mpangilio ulioandikwa "Mono audio" katika sehemu ya Accessibility. Ukiuwasha, masikio yote mawili hupata sauti ileile.

Ukishajua kosa liko kwenye hedifoni, anza kulitafuta kipande kwa kipande. Kanuni ni kusogeza kitu kimoja tu huku vingine vyote vimetulia. Weka rekodi ikizungumza, vaa hedifoni, lala chali au keti bila kutikisa kichwa. Shika mwili wa pini kwa vidole viwili usizunguke, halafu ukunje waya taratibu pale unapotokea kwenye pini, kushoto, kulia, juu, chini. Ikikatika, umepata mahali. Isipokatika, achia waya na sasa uzungushe pini ndani ya tundu bila kuukunja waya. Sauti ikikwaruza au kuruka wakati wa kuzungusha, kosa ni mgusano kati ya pini na tundu, na hapo turudi kwenye vumbi. Tofauti kati ya majaribio haya mawili ni ndogo mkononi lakini ni kubwa kwa fundi: la kwanza linamwambia akate waya, la pili linamwambia achukue brashi.

Endelea hivyo hadi kwenye kisanduku cha kipaza sauti, ukikunja waya upande wake wa juu na wa chini, kisha hadi pale waya unapoingia kikombe. Na hapo ndipo watu wengi huishia, ilhali hedifoni ya kufunika masikio ina waya mwingine usioonekana. Angalia kama waya wako unaingia vikombe vyote viwili au kimoja tu. Ukiingia kimoja, kwa kawaida cha kushoto, basi sauti ya sikio la kulia hufika kwa nyaya nyembamba zinazopanda ndani ya upinde, zikavuka utosi na kushuka upande wa pili. Kila unapopanua upinde ili uvae, nyaya hizo hunyooka. Kila unapokikunja au kukigeuza kikombe, husokoteka kwenye bawaba yake. Waya wa nje ungekuwa umevunjika hapo, huenda ungeona ganda limechubuka; huu wa ndani huvunjika bila kuacha alama.

Dada yetu wa Mbita alifanya hivi. Kwenye pini, hakuna kitu. Kwenye kisanduku, hakuna kitu. Pale waya unapoingia kikombe cha kushoto, hakuna kitu. Alipokigeuza kikombe cha kulia kwenye bawaba yake, jinsi anavyofanya kila mara akitaka kusikia mtoto anaita, sikio la kulia lilizima. Alipokirudisha, sauti ilirudi baada ya kitambo kidogo, ikitanguliwa na mkwaruzo. Alirudia mara kadhaa na mara nyingi ilikubali kukatika. Hilo la mara nyingi nalo liandikwe, kwa sababu fundi akijaribu mara moja na isikatike, atajua kwamba hajafika mwisho.

Kuna jambo moja la kusikiliza ambalo wengi hawalitaji, na fundi akilisoma hufurahi. Sauti inapokatika, inapoteaje? Ikizima upande mmoja tu na upande wa pili ubaki kama ulivyokuwa, ni waya wa upande huo. Lakini wakati mwingine pande zote mbili zinaendelea kulia, ila sauti inakuwa ya mbali na tupu, muziki unabaki na mwimbaji anatoweka. Hii si spika iliyochoka. Masikio yote mawili hushirikiana waya mmoja wa kurudishia umeme, ambao mafundi huuita waya wa pamoja. Ukikatika huo mahali pa pamoja, spika mbili hubaki zimeungana moja nyuma ya nyingine, na unachosikia ni tofauti tu iliyopo kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti hiyo humfuta. Ukiandika tu "mwimbaji anapotea lakini ala zinasikika", fundi anajua aanze na waya gani kabla hajafungua kitu.

Sauti hiyohiyo tupu hutokea pia kwenye hedifoni mpya isiyo na ubovu wowote. Pini zenye kipaza sauti zina pete nne, na zipo kwa mipangilio miwili: katika mmoja waya wa pamoja uko kwenye pete ya tatu kutoka nchani na kipaza sauti kiko kwenye ya nne, katika mwingine vimebadilishana nafasi. Ukichomeka ya mpangilio mmoja kwenye simu ya mpangilio wa pili, mwimbaji hutoweka. Ukibonyeza kitufe cha kisanduku na kukishikilia, mara nyingi anarudi, na ukiachia anatoweka tena. Ukiona hivyo, hakuna cha kutengeneza. Hedifoni na simu hazipatani tu.

Kitufe hicho kinastahili sentensi chache zaidi. Kazi yake ni kugusanisha waya wa kipaza sauti na waya wa pamoja kwa muda mfupi, na simu huuelewa mgusano huo kama amri ya kusimamisha au kuendeleza wimbo. Basi nyuzi zilizochanika zikigusana zenyewe, au jasho likaingia kwenye kisanduku, simu hupokea amri ambazo hukuzitoa: wimbo unasimama peke yake, unaanza tena, simu inampigia mtu uliyezungumza naye mwisho. Watu hulalamika kwamba simu ina virusi. Mwambie fundi "wimbo unasimama wenyewe nikitembea" naye ataangalia kisanduku na pini kwanza, wala hatakuuliza habari za simu.

Baada ya majaribio, historia. Hapa watu hupenda kuficha, hasa wakiona aibu kwamba mtoto aliichovya ndani ya ndoo au kwamba jirani alijaribu kuitengeneza. Usifiche habari ya matengenezo ya zamani. Nyuzi za ndani ya hedifoni nyingi hupakwa rangi inayozuia umeme, nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na rangi hiyo lazima iunguzwe au ikwanguliwe kabla risasi ya kuchomelea haijashika shaba. Aliyeharakisha huacha kiungo kinachoonekana kimeshika na kwa kweli kimelala juu tu ya rangi. Hicho ndicho kiungo kinachokatika na kurudi kuliko vyote. Fundi akijua kwamba pini ilibadilishwa, atafungua kiungo hicho mapema. Asipojua, ataona pini mpya inayong'aa na kuiruka.

Sasa ujumbe wenyewe. Dada yetu aliuandika hivi, na niliongeza nukta mbili tatu tu:

"Fundi, habari za kazi. Naituma hedifoni nyeusi ya kufunika masikio, waya unaingia kikombe cha kushoto peke yake, pini ina pete nne. Sikio la kulia linakatika kabisa kisha linarudi na mkwaruzo. La kushoto halijakatika hata mara moja, na sauti yake haibadiliki la kulia likizima.

"Ili uione: vaa au panua upinde kama umevaa, weka rekodi ya mtu anazungumza, halafu ugeuze kikombe cha kulia kuelekea nyuma taratibu. Si kila mara, lakini ukirudia mara nne au tano itakatika. Nimebandika selotepu nyeupe hapo kwenye bawaba. Ikilala mezani bila kupanuliwa inalia vizuri.

"Nimekunja waya kwenye pini, kwenye kisanduku na pale unapoingia kushoto, haikatiki. Nimeijaribu kwa simu mbili, ni vilevile. Hedifoni nyingine kwa simu yangu haina shida. Ilianza mwezi uliopita baada ya kukaliwa kwenye kiti. Haijawahi kufunguliwa wala kuingia maji.

"Naihitaji kwa kazi ya kusikiliza mazungumzo, kipaza sauti sikitumii. Ukiona itazidi shilingi mia tano, nipigie kabla hujaendelea. Itafika na gari la mchana."

Angalia alivyouanza. Kabla ya kueleza ubovu alieleza kifaa, kwa sababu waya unaoingia upande mmoja unabadilisha hesabu yote ya fundi. Jina la kampuni hakulitaja. Kwenye hedifoni za bei ya chini, jina lililochapwa juu halimsaidii fundi sana, na umbo la pini linamsaidia. Kisha alisema kisichotokea: la kushoto halikatiki, kwenye pini haikatiki. Sentensi za namna hii huonekana kama maneno ya ziada, lakini zinamfungia fundi milango asiyohitaji kuingia. Kwa kuwa la kushoto ni zima wakati la kulia limezima, waya wa pamoja hadi kikombe cha kushoto ni mzima. Kwa kuwa kukunja kwenye pini hakuleti kitu, nyuzi za nje huenda ni nzima. Kilichobaki ni upinde, bawaba, na kiungo cha spika ya kulia.

Alisema pia kwamba kipaza sauti hakitumii. Hilo lina faida yake: fundi akikuta kwamba njia rahisi ni kuweka waya mwingine usio na kisanduku, ana ruhusa. Mwendesha boda boda anayepokea wateja kwa simu angesema kinyume, na ukarabati ungekuwa mwingine.

Kuhusu njia ya kuutuma, mimi ni mtu wa maandishi. Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp ni mwepesi kuutoa, lakini kibanda cha fundi kina jenereta ya jirani, spika za muuza nyimbo na makondakta wanaoita abiria. Hatausikia wote, na hataurudia ili apate neno moja. Maandishi anayatazama mkono mmoja ukiwa na bisibisi. Sauti ifae kwa kitu kimoja tu, nacho ni kunasa mkwaruzo wenyewe: kibandike kikombe kibovu juu ya kipaza sauti cha simu nyingine, rekodi sekunde chache huku ukisogeza bawaba, umtumie. Na andika maelezo yaleyale kwenye karatasi uifunge ndani ya mzigo. Fundi ana wanafunzi, na kijana atakayefungua hedifoni yako huenda asiwe ndiye mwenye simu uliyoitumia ujumbe.

Mezani mambo yalikwenda hivi. Fundi aliweka mita yake kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye pete ya pili ya pini, ambayo kwenye mpangilio wa kawaida wa simu za sasa ndiyo njia ya kulia, na ncha ya pili kwenye pete ya tatu, ya waya wa pamoja. Spika ya hedifoni ya namna hii mara nyingi husoma kama omu 32, nyingine 16. Yake ilisoma karibu na 32 ikiwa imetulia. Alipopanua upinde na kugeuza kikombe cha kulia kama alivyoelekezwa, namba iliruka, ikarudi, kisha mita ikaonyesha kwamba njia imekatika. Aliondoa sponji, akafungua kikombe, akakuta uzi mwekundu umechanika milimita chache kutoka kwenye shimo la bawaba, zimebaki nyuzi moja au mbili zinazogusana zikitulia. Hakuunganisha palepale kwa sababu kiungo kigumu kinachokaa ndani ya bawaba huvunjika upya. Alipitisha kipande kipya cha waya laini kutoka kikombe hadi kikombe, akaacha ulegevu kidogo pande zote mbili. Pini haikuguswa.

Kwa zile zisizo na waya mambo ni tofauti, na nitasema moja tu linalohusu ufuo. Hedifoni za Bluetooth zinazokatika ukiwa ufukweni Dunga au ndani ya mashua, na zinazotulia ukiingia nyumbani, huenda hazina ubovu. Mawimbi yake hunyonywa na maji, na mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa. Simu ikiwa mfuko wa kulia na kipokezi kikiwa sikio la kushoto, mwili wako unasimama katikati. Chumbani mawimbi huruka ukutani na kukuzunguka. Ziwani hakuna ukuta. Hamisha simu mfuko wa upande wa pili kabla hujamwandikia fundi. Ikiwa inaendelea kukatika hata simu ikiwa kifuani, mwandikie mambo matatu: inakatika baada ya muda gani tangu uiwashe, chaji ilikuwa kiasi gani, na kama inasema imetengana na simu au inanyamaza tu huku simu ikionyesha bado imeunganishwa. La mwisho ndilo linalotenganisha shida ya mawimbi au betri na shida ya spika. Vile vidogo vya kuziba sikio vilivyogundishwa gamba kwa gundi, mafundi wengi watakataa kuvifungua, na wana haki, kwa sababu havifungwi tena vikawa kama zamani.

Mzigo ukirudi, usiujaribu kwa njia nyingine isipokuwa ileile uliyomwandikia: rekodi ya mtu akizungumza, upinde umepanuliwa, kikombe cha kulia kigeuzwe mara tano, kumi. Jaribu siku hiyohiyo, umjulishe. Na ikitokea ikaanza kusumbua tena baada ya wiki kadhaa, usiandike "imerudi". Rudia msako wote kuanzia kwenye pini, kwa sababu hedifoni iliyokaliwa kwenye kiti inaweza kuwa na majeraha mawili, na la pili hujitokeza la kwanza likishapona. "Bawaba ya kulia haina shida tena, lakini sasa la kushoto linakwaruza nikikunja waya chini ya kisanduku" ni kazi mpya na malipo mapya. "La kulia linakatika palepale, kwa mgeuzo uleule" ni kazi ileile, na fundi mwaminifu ataipokea bila kukutoza tena.